Oda ya hisa 20,000 kwenye soko jembamba: namna ya kuchagua muda wa oda na kusimamia salio lake

Kikundi chetu cha kuwekeza hapa Tabata kina wanachama kumi na wanne, na mimi ndiye mweka hazina. Mwaka mmoja, mwezi Machi, tuliweka oda ya kununua hisa za benki iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fomu ilikuwa na kisanduku cha muda, nami nikaweka alama kwenye GTC, yaani oda ibaki hai mpaka tuifute wenyewe. Siku ya kwanza tulipata zaidi kidogo ya nusu. Nikalipeleka salio kwenye kikao kama "linasubiri soko", tukaendelea na mambo mengine. Mwezi Mei benki ilitangaza gawio, vitabu vya wanahisa vikafungwa, na bei ikashuka kama ilivyo kawaida hisa inapoanza kuuzwa bila gawio. Wauzaji wakaikuta oda yetu ya Machi imesimama pale pale kwa bei ya zamani, wakatuuzia salio lote asubuhi moja. Tulilipa bei yenye gawio ndani yake, na gawio hatukupata.

Dada mmoja kwenye kikao aliniuliza, "Mweka hazina, hiyo oda nani aliiruhusu kununua leo?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba tuliiruhusu sote, tangu Machi, kwa alama moja ya kalamu. Tangu siku hiyo nimejifunza kisanduku hicho vizuri, na hapa naeleza ninavyofanya kazi nacho oda inapokuwa kubwa kuliko kinachoonekana sokoni.

Kisanduku cha muda kinaamua nini

Kila oda ina vitu vitatu: idadi ya hisa, bei ya ukomo, na muda. Bei ya ukomo inasema hutapita wapi. Muda unasema salio lifanyweje pale soko lisipokuwa na hisa za kukutosha. Kwa oda ya hisa 200 za kampuni inayouzwa sana, muda haukusumbui, maana oda inajaa papo hapo. Kwa oda ya hisa 20,000, muda ndio unaoamua utaondoka na hisa ngapi na fedha yako itafungwa hadi lini.

Kwenye skrini au fomu ya dalali, machaguo utakayoyakuta mara nyingi ni haya. `DAY` ni oda ya siku moja. Soko likifungwa, salio linakufa. `GTD` inabaki hai hadi tarehe utakayoiandika. `GTC` inabaki hai mpaka uifute. `IOC` inachukua kinachopatikana sasa hivi, na salio linafutwa hapo hapo. `FOK` inataka idadi yote sasa hivi, la sivyo oda nzima inafutwa bila kununua hata hisa moja. Si kila dalali au programu ya simu inakupa yote matano. Kama hulioni unalolitaka, uliza kabla ya kuweka oda, kwa sababu fomu iliyoachwa wazi ina chaguo lake la kuanzia, na mara nyingi chaguo hilo ni oda ya siku moja.

Kuhusu GTC kuna jambo ambalo wengi hawalijui: oda hiyo si lazima iwe inalala kwenye mfumo wa soko lenyewe. Soko la Hisa la New York liliacha kupokea oda za namna hiyo mwezi Februari 2016. Huko mteja bado anaweza kuipata kwa dalali wake, lakini ni dalali anayeitunza na kuipeleka sokoni upya kila asubuhi, na madalali wengi huiwekea ukomo wa siku 60, 90 au 180. Kwa hiyo neno "mpaka uifute" lina mwisho usioonekana kwenye fomu. Muulize dalali wako maswali mawili: oda yangu inakaa kwako au sokoni, na itakufa yenyewe baada ya siku ngapi?

Anza kwa kusoma daftari la oda

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka hisa 20,000 za benki moja. Daftari la oda, yaani orodha ya bei na idadi ya hisa kwa wauzaji na wanunuzi, liko hapa chini. Namba ni za mfano, lakini umbo lake ni la kawaida kwa soko jembamba kama letu: hisa chache kwenye kila ngazi ya bei, kisha pengo, kisha mtu mmoja mwenye nyingi kwa bei ya juu.

```
WANAOUZA            WANAONUNUA
630    3,000        610    5,000
640    2,200        600   12,000
650    4,800
680    9,000
700   15,000
```

Kabla ya kugusa kisanduku cha muda, hesabu ni hisa ngapi zinapatikana ndani ya bei unayoikubali. Kikundi kimeamua kisipite shilingi 650. Hapo kuna 3,000 na 2,200 na 4,800, jumla 10,000. Ni nusu kamili ya unachotaka. Hesabu hii ya dakika moja inakuonyesha kila chaguo litakufikisha wapi.

Ukiweka oda ya 20,000 kwa 650 ukachagua FOK, hupati kitu. Mfumo unaangalia kama 20,000 zipo ndani ya 650, unakuta 10,000, unafuta. Watu huchukulia kufutwa huko kuwa ni hitilafu ya programu na kuituma oda ile ile mara tatu, nne. Si hitilafu, ulisema yote au basi, ukaambiwa basi.

Ukichagua IOC, unapata zile 10,000. Malipo yake ni 1,890,000 kwa ngazi ya kwanza, 1,408,000 kwa ya pili na 3,120,000 kwa ya tatu, jumla 6,418,000, ambayo ni wastani wa shilingi 641.80 kwa hisa. Salio la 10,000 linafutwa sekunde hiyo hiyo, na hakuna anayejua kwamba ulitaka zaidi.

Ukichagua oda ya siku moja, unapata 10,000 zile zile, lakini salio linabaki limesimama kwenye upande wa wanunuzi kwa 650 mpaka jioni. GTC hufanya hivyo hivyo, ila salio linaamka tena kesho, na keshokutwa, na mwezi ujao.

Na ukisema "nunua kwa bei ya soko" bila ukomo wowote, oda inapanda ngazi mpaka ijae: 9,000 kwa 680 na 1,000 kwa 700. Jumla inakuwa 13,238,000, wastani 661.90. Hisa 10,000 za mwisho zimekugharimu 6,820,000 wakati za kwanza ziligharimu 6,418,000. Tofauti hiyo ya shilingi 402,000 umeilipa kwa sababu ya haraka tu. Kwa oda kubwa kwenye soko jembamba, mimi siweki oda bila bei ya ukomo, na sijawahi kuona sababu ya kikundi chochote kufanya hivyo.

FOK inafaa wapi

Nisieleweke kwamba FOK haina kazi. Inafaa pale nusu haina maana kwako. Mfano, kikundi kinauza hisa ili kulipa kiwanja, na muuzaji wa kiwanja hapokei malipo nusu. Ukiuza nusu ya hisa, umepoteza hisa na kiwanja hukupata. Hapo "yote au basi" ni kauli ya kweli.

Sharti lake ni kwamba hisa zionekane sokoni kabla hujaituma. Kwenye daftari letu la juu, FOK ya hisa 10,000 kwa 650 ingejaa. Na angalia, ingejaa kutoka kwa wauzaji watatu kwa bei tatu tofauti. Kuna dhana kwamba FOK maana yake ni muuzaji mmoja au bei moja, sivyo. Inachodai ni idadi yote, kwa mara moja, bila kupita bei ya ukomo.

Usiichanganye pia na oda ya "zote au hakuna" inayokubali kusubiri, ambayo baadhi ya masoko huiita `AON`. Hiyo inakaa foleni mpaka apatikane wa kuijaza yote. FOK haikai foleni kabisa.

Kufanya kazi na oda inayojaa kidogo kidogo

Ukishakubali kwamba 20,000 hazitapatikana kwa mara moja, kazi inakuwa ya siku kadhaa. Mimi hupendelea oda yenye tarehe ya mwisho, `GTD`, hadi Ijumaa ya wiki hiyo. Kama dalali haitoi, naweka oda ya siku moja na kuirudia kila asubuhi. Inachosha kidogo, lakini kila asubuhi unalazimika kuamua upya kama bado unataka hisa hizo kwa bei hiyo. GTC inakuondolea uamuzi huo, na kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi, hilo ni hatari.

Tufuate mfano wetu. Jumatatu kikundi kinaweka oda ya 20,000, bei ya ukomo 640, GTD hadi Ijumaa. Mbona 640 wakati walikubaliana 650? Kwa sababu hakuna haja ya kuonyesha mwisho wa mfuko wako siku ya kwanza. Oda inachukua 3,000 kwa 630 na 2,200 kwa 640. Salio la 14,800 linasimama kwa 640 na kuwa mnunuzi wa bei ya juu kuliko wote sokoni, mbele ya yule wa 610. Kabla ya kufunga, muuzaji mmoja anashuka hadi 640 na kutuuzia hisa 1,500. Siku inaisha na hisa 6,700 mkononi.

Kusimama mbele kuna faida na gharama. Faida ni kwamba anayetaka kuuza leo atakukuta wewe kwanza. Gharama ni kwamba kila anayetazama daftari anaona mtu anataka hisa 14,800, na muuzaji mwenye subira anaweza kupandisha bei akijua upo. Ukiona hisa zilizokuwa 650 zimehamia 660 muda mfupi baada ya oda yako kuonekana, ujue umesomwa. Dawa yake ni kuweka sehemu tu ya oda, tuseme 4,000 au 5,000 kwa wakati mmoja, na kuongeza zikijaa. Hasara ya kuigawa ni kwamba kila kipande kipya kinaanza mwisho wa foleni ya bei yake. Pale mnunuzi mwingine hayupo kwenye bei yako, kama hapa, foleni ni fupi na kugawa hakukugharimu kitu. Pale wapo wengi kwa bei hiyo hiyo, mimi hubaki na oda moja nzima ili nisipoteze nafasi.

Jumanne wanapata 4,000 kwa 640. Jumatano soko liko kimya, hakuna hata moja. Zimefika 10,700, salio ni 9,300. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa hiyo twende taratibu.

Kubadilisha oda iliyokwisha kujaa nusu

Alhamisi kikundi kinaamua kupanda hadi 650 ili kuchukua zile 4,800 ambazo bado zipo. Kuna njia mbili: kurekebisha oda iliyopo, au kuifuta na kuweka mpya. Kwenye kurekebisha, kumbuka kwamba kisanduku cha idadi kwenye mifumo mingi kinadai jumla ya oda tangu mwanzo, pamoja na zilizokwisha nunuliwa, si salio. Hesabu yake ni hii:

```
salio = jumla ya oda - zilizojaa
9,300 = 20,000 - 10,700
```

Unayetaka kubadilisha bei tu, acha 20,000 ilivyo na uandike 650. Ukiandika 9,300 ukidhani unaandika salio, mfumo utaona kwamba jumla mpya ni ndogo kuliko 10,700 ulizokwisha nunua, na ama utaikataa ama utaifunga oda papo hapo. Utaona neno "imekamilika" na kufurahi, kumbe hakuna kilichobaki sokoni.

Kwenye njia ya pili kosa ni la upande wa pili. Oda mpya lazima iwe ya 9,300. Anayempigia dalali na kusema "kaka, futa ile, niwekee tena kwa 650" bila kutaja idadi, anaweza kuwekewa 20,000 nyingine. Kama fedha ipo kwenye akaunti, utajikuta unatafuta jumla ya hisa 30,700. Kwa hiyo taja namba tatu kila mara: zilizojaa 10,700, salio linalofutwa 9,300, oda mpya 9,300. Na usiweke oda mpya kabla ya kupata uthibitisho kwamba ya zamani imefutwa. Ombi la kufuta ni ombi tu. Kati ya kulituma na kukubaliwa, muuzaji anaweza kuingia na kukupa hisa 800. Zitakuwa zako kihalali, na oda mpya inapaswa kupungua hadi 8,500.

Kubadilisha bei kunakupeleka mwisho wa foleni ya bei mpya. Kuongeza idadi mara nyingi hufanya hivyo pia. Kupunguza idadi, kwenye masoko mengi, hakukuondoi kwenye nafasi yako. Kwa mfano wetu hilo halikuwaumiza, kwa kuwa 650 kulikuwa na muuzaji anayesubiri: walipata 4,800 papo hapo. Wakafika 15,500, na salio la 4,500 likabaki limesimama hadi Ijumaa jioni, likafa lenyewe kwa tarehe.

Mahesabu ya wiki: 3,000 kwa 630, kisha 2,200 na 1,500 na 4,000 kwa 640, kisha 4,800 kwa 650. Jumla ni 9,938,000 kwa hisa 15,500, wastani wa 641.16. Hawakupata 20,000. Lakini hakuna hisa waliyoinunua juu ya bei waliyoamua, na kwenye kikao kijacho wataamua wakiwa na namba mkononi kama 4,500 zilizobaki zinastahili 680.

Kumbukumbu za mweka hazina

Oda moja iliyojaa siku tatu tofauti inakupa kontrakti noti tatu, yaani hati za dalali za kuthibitisha ununuzi, na kila siku ya ununuzi ina tarehe yake ya kukamilisha malipo na kuingia kwenye akaunti yako ya hisa. Usisubiri zote ziingie kwa pamoja. Nina daftari lenye safu tano: tarehe, zilizojaa, bei, jumla mpaka sasa, salio. Kila jioni nalinganisha na taarifa ya dalali. Safu ya salio ikitofautiana na yake kwa hisa hata kumi, napiga simu kabla ya soko kufunguliwa kesho yake.

Kamisheni hapa hutozwa kwa asilimia ya thamani, kwa hiyo kujaa vipande vipande peke yake hakupaswi kukuongezea mzigo mkubwa. Unapofanya biashara kwenye masoko ya nje kwa programu zenye ada ya chini isiyobadilika kwa kila oda, hesabu inageuka: oda moja iliyojaa vipande vitano ndani ya siku hiyo hiyo kwa kawaida hutozwa kama oda moja, lakini oda tano ndogo za siku tano zinaweza kukutoza mara tano.

Fedha pia. Dalali anayetaka fedha iwepo kabla ya oda anaishikilia kwa ajili ya salio. Hisa 9,300 kwa 650 ni shilingi 6,045,000 ambazo kikundi hakiwezi kuzikopesha kwa mwanachama wala kuziweka kwingine oda ikiwa hai. Oda ya GTC iliyosahaulika hushikilia fedha namna hiyo miezi mizima.

Na kama oda yenu ni kubwa mara nyingi zaidi ya kinachoonekana kwenye daftari, tuseme laki tano wakati sokoni zipo elfu kumi, hakuna chaguo la muda litakalowasaidia. Soko letu lina utaratibu wa mafungu makubwa ambapo mnunuzi na muuzaji hukubaliana kupitia madalali wao nje ya foleni ya kawaida. Mwombeni dalali awatafutie muuzaji wa namna hiyo, mkiwa mmekwisha kubaliana bei ya ukomo kikundini.

Kwetu sisi, kila Aprili inapokaribia naandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tarehe zilizotangazwa za kufunga vitabu kwa kila kampuni tunayoiwania. Oda yoyote ya kununua iliyo hai inapewa tarehe ya mwisho kabla ya siku ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio. Ikipita hapo bila kujaa, inakufa, na bei mpya inajadiliwa upya kikaoni.